Je, kikokotoo hiki kinaruhusiwa? Maswali ya watahiniwa kabla ya kuingia chumba cha mtihani

Nafanya Hisabati ya Juu ya kidato cha sita. Nimeandikia ofisi ya mitihani kwamba kalkuleta yangu ni Casio, nikiuliza kama inaruhusiwa. Wamejibu mstari mmoja tu: "Tumia kisichopokea programu." Sasa nimebaki palepale. (Mtahiniwa wa kujitegemea, Morogoro)

Ofisi imekujibu kwa kipimo cha swali lako. Mtu anayesoma "kalkuleta yangu ni Casio" hana la kukuambia zaidi ya kukusomea kanuni, kwa sababu Casio ina mashine za kila aina, kuanzia za dukani hadi zinazochora grafu. Kinachomwezesha kutoa uamuzi ni jina kamili lililochapwa usoni mwa mashine, pamoja na herufi zote zinazofuata namba. fx-991MS, fx-991ES PLUS na fx-991EX ni mashine tatu tofauti, ingawa namba ni ileile. Ya kwanza ina kioo cha mistari miwili. Ya pili inaandika sehemu na vipeo kama vilivyo kitabuni. Ya tatu imeongezewa lahajedwali na uwezo wa kuchora alama ya QR kwenye kioo.

Taja pia somo na namba ya karatasi. Ruhusa hutolewa kwa karatasi, haitolewi kwa mtihani mzima. Kwenye Hisabati ya KCSE, kwa mfano, maelekezo huruhusu vikokotoo visivyo na programu na visivyotoa sauti "isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo", na kweli huwa kuna maswali yanayokutaka ufanye hesabu bila kikokotoo.

Kwa kuwa unafanya Hisabati ya Juu ya kidato cha sita, na tuseme mashine yako ni fx-991EX, andika hivi:

> Yah: Kikokotoo fx-991EX, Hisabati ya Juu 142/1
>
> Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, namba ya mtihani (iandike), kituo (kiandike). Naomba kujua kama kikokotoo Casio fx-991EX kinaruhusiwa katika karatasi ya 142/1.
>
> Hakipokei programu, hakichori grafu na hakiunganiki na kifaa kingine. Hata hivyo kina lahajedwali, na kinaweza kuonyesha alama ya QR kwenye kioo. Naambatanisha picha ya uso, ya mgongo na ya orodha inayotokea nikibonyeza MENU.
>
> Iwapo hakiruhusiwi, naomba kujua kama fx-991ES PLUS inaruhusiwa, ili niitafute mapema.
>
> Wenu mtiifu, (jina kamili na simu)

Usiruke sentensi ya lahajedwali na QR. Ndiyo mambo mawili yatakayomtia shaka msimamizi, na ni bora ofisi iyaamue mezani kuliko yagunduliwe dakika kumi kabla ya karatasi kufunguliwa. QR yenyewe haitumi kitu popote: inahitaji simu ya kuisoma, na simu hairuhusiwi chumbani. Lakini anayeamua ni ofisi, na ataamua vizuri akielezwa ukweli wote. Swali la mwisho la barua nalo linakuokolea muda: hata jibu likiwa "hapana", unatoka na jina la mashine ya kununua.

fx-991ES PLUS yangu inatafuta mzizi wa mlinganyo kwa SOLVE na inakokotoa intigrali. Rafiki yangu anasema hiyo tayari ni programu. (Kidato cha sita, Tanga)

Rafiki yako amechanganya kazi iliyojengwa kiwandani na programu. Kikokotoo cha programu ni kile unachoweza kukiandikia mfululizo wa hatua, kikazihifadhi kwa jina au namba, ukakizima, na kesho ukazifungua na kuziendesha. fx-5800P na fx-3650P hufanya hivyo. Ukifungua orodha ya MODE ukaona PRGM au PROG, hiyo ni mashine ya programu, na hakuna ufutaji utakaoigeuza kuwa nyingine. Usiihukumu kwa herufi P peke yake, maana P ya neno PLUS haihusiani na programu.

Ya kwako haina orodha hiyo. Inahifadhi namba katika herufi A, B, C, D, E, F, M, X na Y, basi. Huwezi kuweka humo sentensi wala kanuni.

Kuna mstari mwingine ambao kanuni za mitihani mingi huuchora: hesabu ya namba dhidi ya hesabu ya alama. Chukua intigrali ya x² kutoka 0 hadi 1. Mashine yako inatoa theluthi moja, ambayo ni namba. Kiombe intigrali ya x² bila mipaka, haitakupa x³/3, kwa kuwa haina uwezo wa kushughulikia alama. Vivyo hivyo d/dx: inakupa mteremko kwenye nukta uliyoitaja, haikupi fomula ya mteremko. Mashine zinazotoa x³/3 zenyewe ndizo hukataliwa hata pale ambapo grafu zinakubaliwa. Ukiandikia ofisi, sema "kinakokotoa intigrali yenye mipaka kwa namba tu". Maneno hayo yanamwondolea msomaji shaka kuliko kusema "kinafanya intigrali".

Tumeambiwa wasimamizi watafuta kumbukumbu za vikokotoo mlangoni. Kuna hatari yoyote? (Dodoma)

Ipo, na wengi hawaijui hadi majibu yanapotoka vibaya. Kufuta kila kitu hakuondoi namba zilizohifadhiwa tu. Kunarudisha pia mipangilio ya kiwandani, na kipimo cha pembe cha kiwandani ni nyuzi. Kama ulikuwa umeiweka kwenye radiani kwa ajili ya kalkulasi, unaingia chumbani ukidhani bado iko hivyo, kumbe sivyo.

Tazama ukubwa wa kosa. Intigrali ya sin x kutoka 0 hadi π ni 2. Hesabu hiyohiyo, mashine ikiwa kwenye nyuzi, inatoa 0.0861. Hakuna onyo lolote: mashine inakokotoa kwa utulivu na kukupa namba inayoonekana ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo futa mwenyewe nyumbani, na uzoee kurudisha mpangilio. Kwenye fx-991ES PLUS:

```
SHIFT 9 3 = AC
```

Kwenye fx-991EX vitufe ni hivyohivyo, ingawa maneno ya kioo ni tofauti kidogo. Kwenye fx-991MS na fx-82MS:

```
SHIFT MODE 3 = AC
```

Kisha angalia juu ya kioo: herufi D ni nyuzi, R ni radiani, G ni gradi. Jaribio la haraka ni sin 30. Ikitoka 0.5 au ½ uko kwenye nyuzi, ikitoka −0.988 uko kwenye radiani, na 0.454 ni gradi, ambayo huenda hukuitaka kabisa. Kurudi radiani kwenye fx-991ES PLUS ni SHIFT, MODE, 4. Kwenye fx-991EX ni SHIFT, MENU, 2, 2. Ukishakalishwa na kuruhusiwa kuanza, fanya jaribio la sin 30 kabla ya swali la kwanza. Linachukua sekunde tano.

Kifuniko cha kikokotoo changu kimebandikwa karatasi ya maelekezo yenye kanuni chache. Nikibandue? (Singida)

Acha kifuniko nyumbani. Kukibandua kunaacha alama za gundi na maswali. Mashine bila kifuniko haimpi msimamizi cha kukagua zaidi ya mgongo wake, na mgongoni nako pasiwe na maandishi ya penseli wala stika. Hata jina lako, ukilazimika kuliandika, liwe jina tu.

Ofisi imenijibu kwamba kinaruhusiwa. Nikifika kituoni msimamizi akakataa, nifanye nini? (Mwanza)

Chapisha jibu kwenye karatasi, maana simu yenye baruapepe hiyo itabaki nje na haitakusaidia mlangoni. Karatasi ionyeshe swali lako pamoja na jibu lao, tarehe, na jina la mashine lililoandikwa sawasawa na la usoni. Hapo ndipo usahihi wa herufi unapolipa: ukiwa umeandika "fx-991" tu kwenye barua, msimamizi mwenye fx-991EX mkononi ana haki ya kusema jibu haliihusu mashine hii.

Usisubiri siku ya mtihani kuitoa. Ipeleke kwa mkuu wa kituo siku mbili tatu kabla, mwombe awaarifu wasimamizi wa chumba chako. Msimamizi akikataa hata hivyo, usibishane naye mlangoni. Omba kwa heshima mkuu wa kituo aitwe. Na uwe na mashine ya pili begini, ya kawaida kabisa kama fx-82MS, ambayo haina intigrali wala matriki na ni nadra kumtia mtu shaka. Kuazima kwa mwenzako ndani ya chumba usikutegemee: sehemu nyingi ni kosa, hata kama mwenzako amekwisha maliza.

Mdogo wangu anafanya mitihani ya Cambridge kupitia shule moja ya Dar es Salaam. Barua hiyohiyo itamfaa? (Dar es Salaam)

Barua itamfaa, anwani itabadilika. Mtahiniwa binafsi wa Cambridge husajiliwa kupitia shule iliyoidhinishwa, kwa hiyo ofisi ya kuiandikia ni ya afisa mitihani wa shule hiyo.

Kwa Hisabati ya A Level, namba 9709, mtaala unataka kikokotoo cha kisayansi cha kawaida. Kinachochora grafu hakiruhusiwi, wala kinachofanya aljebra au intigrali ya alama. Hili huwanasa wanaofuata ushauri wa vijana wa Uingereza: kwenye A Level za kule fx-CG50, inayochora grafu, inakubalika, na mtu anaiagiza kwa bei kubwa akidhani A Level zote ni moja. Mdogo wako asiiguse kwa ajili ya 9709. Pia aonyeshe hatua zake, kwa sababu jibu lililotoka kwenye mashine bila hatua halipewi alama.

Kama yuko IGCSE, Hisabati 0580, kuanzia mitihani ya 2025 karatasi ya 1 na ya 2 hufanywa bila kikokotoo kabisa, na karatasi ya 3 na ya 4 hufanywa nacho. Siku ya karatasi ya 1 au ya 2 asiingie nacho hata mfukoni.