Maswali na Majibu: Maelezo Binafsi ya Waombaji Ufadhili na Mkono wa Mwalimu

Mwombaji wetu alipata D ya Kiingereza kidato cha nne, lakini maelezo yake binafsi yameandikwa kwa Kiingereza safi kabisa. Si dhahiri kwamba kaandikiwa? (Mjumbe wa kamati, Dodoma)

Swali hili linarudi kila msimu wa maombi, na kila mara anayeliuliza anaamini kwamba amevumbua kipimo. D ya mtihani wa kidato cha nne ni alama kati ya 30 na 44, iliyopatikana ndani ya chumba, kwa muda wa saa tatu, bila kamusi na bila nafasi ya kuandika upya. Maelezo binafsi huandikwa kwa wiki kadhaa, husomwa na mwalimu, hurudishwa, hufutwa na kuandikwa tena. Kazi hizi mbili zisipofanana, kilichothibitika ni kwamba mwombaji alipata muda na alipata msomaji, basi.

Tena mkumbuke mnayemshuku ni nani. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha akaingizwa kwenye sekondari ambako kila somo isipokuwa Kiswahili hufundishwa kwa Kiingereza. Akisahihishiwa sentensi tatu na mwalimu wake, tofauti inaonekana mara moja. Mwenzake wa shule ya kulipia, ambaye mzazi wake amemlipa mtu aliyeandika maelezo yote, hamtamshuku, kwa kuwa Kiingereza chake cha kila siku kinakaribia kile cha kwenye karatasi. Kipimo chenu kinamkamata aliyesaidiwa kidogo na kumwachia aliyeandikiwa kila kitu.

Na hili ndilo ninalolalamikia kila mwaka: kamati hizi zinatenga alama 15 au 20 kwa ajili ya lugha, waombaji wanatafuta msaada ili wazipate, kisha wajumbe wanawashuku kwa sababu wamezipata. Ondoeni alama za lugha. Kama lugha ya masomo ni muhimu kwa ufadhili wenu, cheti cha mtihani kinatosha kuionyesha.

Kuna programu ya kompyuta inayoweza kutuambia kama mtoto ameandika mwenyewe? (Mhasibu wa mfuko wa ufadhili, Mombasa)

Hakuna. Zile zinazolinganisha maandishi na maandishi mengine hugundua kunakili, na kunakili ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2007 shirika la UCAS, linalopokea maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, lilipitisha maelezo ya waombaji wapatao 50,000 kwenye programu ya namna hiyo na likakuta 234 wakisimulia tukio lile lile la kuunguza nguo zao za kulalia kwa majaribio ya kemia wakiwa na umri wa miaka minane. Hao walichota kwenye mfano mmoja uliokuwa mtandaoni. Mwombaji ambaye mwalimu wake alimwambia "sogeza aya hii juu" hawezi kuonekana kwa programu hiyo, na wala hapaswi kutafutwa.

Tumepokea maelezo kumi na moja kutoka shule moja. Aya ya kwanza inafanana karibu neno kwa neno. Tuyafute yote? (Katibu wa kamati, Morogoro)

Msiyafute. Kwanza fanyeni jambo rahisi: wekeni yote kumi na moja mezani, chukueni kalamu na mkate kila sentensi inayoonekana kwenye maelezo zaidi ya mawili. Zitaondoka sentensi za "tangu utotoni nimekuwa na ndoto", zitaondoka za "elimu ni ufunguo wa maisha", na huenda ikaondoka aya nzima ya mwisho ya shukrani. Mliyoyakata ni ya mwalimu, ambaye aliandika mfano ubaoni kwa sababu shule yake haina mtu mwingine wa kuwaonyesha wanafunzi maelezo binafsi ni kitu gani. Yaliyobaki ni ya mwombaji, na hayo ndiyo mnayotakiwa kuyapa alama.

Mtaona kwamba yaliyobaki hayalingani. Kwa mmoja itabaki nusu ukurasa kuhusu kuuza maandazi asubuhi kabla ya masomo, pamoja na hesabu ya unga na mafuta inayoeleza kwa nini aliacha mwezi wa nne. Kwa mwingine zitabaki sentensi mbili ambazo mtu yeyote angeweza kuzisema. Tofauti hiyo ilikuwapo tangu mwanzo; aya ya mwalimu ilikuwa imeifunika tu. Ila mkikuta kwamba tukio lenyewe, na si maneno ya utangulizi, limerudiwa na waombaji wawili, kwa mfano wote wanasema waliongoza mradi ule ule mwaka ule ule, andikeni alama ya kuuliza pembeni na muwapeleke wote wawili kwenye usaili. Huenda waliuongoza pamoja.

Halafu lisomeni swali mlilowapa. Nina shaka kubwa kwamba liliandikwa "Jieleze kwa maneno 500 kwa nini unastahili ufadhili huu". Swali pana namna hiyo humlazimisha asiye na uzoefu kutafuta kiunzi kwa mwalimu. UCAS wenyewe, kwa waombaji wanaoanza masomo mwaka 2026, waliacha insha moja ndefu na kuigawa katika maswali matatu: kwa nini unataka somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Ukomo wa jumla ulibaki herufi 4,000, na sababu mojawapo waliyoitoa ilikuwa kuwapunguzia mzigo wale wasio na watu wa kuwaongoza. Swali linaloeleza linachotaka hupunguza kazi ya mwalimu, na kufanana kunapungua pamoja nayo.

Mwombaji asiyesaidiwa na mtu yeyote, mwenye makosa mengi ya kisarufi, tumwongezee alama za ukweli? (Mjumbe, Nakuru)

Hapana. Makosa ya sarufi si ushahidi wa ukweli, na mkianza kuyalipa, mwakani walimu watayafundisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na huwasaidia wanafunzi wangu kuandika. Msaada halali unaishia wapi? (Mwalimu, Tanga)

Unaishia pale unapotia ndani jambo ambalo mwanafunzi hakulisema. Unaweza kumuuliza maswali mpaka akumbuke alichokisahau, unaweza kumwambia kwamba aya ya tatu ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza, unaweza kusahihisha tahajia na kumwonyesha sentensi isiyoeleweka. Huwezi kumpa sababu ya kuchagua uuguzi wakati yeye hana sababu hiyo, wala kumkuzia mradi wa darasa ukawa mradi wa kata. Tunza rasimu yake ya kwanza yenye mwandiko wake; kamati ikiuliza, hiyo ndiyo itakayomtetea kuliko barua yako.

Na usimshauri kusimulia msiba kwa sababu umeona waliosimulia misiba wamefaulu. Kosa hilo huanzia kwa kamati zinazotafuta uhitaji ndani ya insha. Uhitaji una nyaraka zake: cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, namba ya kaya inayonufaika na TASAF, barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Kamati inayompa alama yule aliyelia vizuri zaidi isishangae ikiletewa machozi ya kufundishwa.

Tumeweka kwenye fomu swali "Nani alikusaidia kuandika?" Zaidi ya nusu wameacha wazi. Hao si waongo? (Afisa wa ufadhili, Kampala)

Ni waoga, na mmewaogopesha wenyewe, kwani juu ya swali hilo mmeandika kwamba atakayebainika kusaidiwa ataondolewa. Nani angejibu?

Futeni tishio hilo na muandike wazi kwamba msaada unaruhusiwa na jibu halina alama. Ulizeni kwa kuweka alama ya vema: mwalimu, ndugu, mshauri wa taasisi, hakuna. Kisha ulizeni alifanya nini: alinisaidia kupanga mawazo, alisahihisha lugha, aliandika baadhi ya sentensi. Ukurasa huo ukae kwa katibu, na wasomaji wasiuone mpaka wawe wameandika alama zao, kwa sababu msomaji akishajua kwamba mwalimu alihusika, atamwona mwalimu huyo katika kila sentensi nzuri.

Tuna dakika kumi kwa kila mwombaji. Tuulize nini ili tumjue anayesema ya kwake? (Mwenyekiti wa kamati, Mwanza)

Msiulize "Je, uliandika mwenyewe?" Aliyeandika atababaika kwa kudhani mmemshitaki, na asiyeandika amejiandaa.

Tuseme maelezo yanasema: "Nikiwa kiongozi wa klabu ya mazingira, niliongoza upandaji wa miti 200 kuzunguka shule." Ulizeni miche ilitoka wapi, nani aliimwagilia wakati wa likizo, na ni upande gani wa shule ambako ilikufa mingi. Aliyekuwapo atawaambia kwamba ya upande wa uwanja ililiwa na mbuzi, kwamba mlinzi alikubali kumwagilia wiki ya kwanza tu, na pengine kwamba miti iliyopona haifiki hamsini, jambo ambalo halimo kwenye karatasi kwa sababu mwalimu alimshauri asilitaje. Aliyepewa sentensi hiyo na mtu mwingine atawarudishia sentensi ile ile kwa maneno mengine: miti ni muhimu kwa mazingira, huleta mvua, huzuia mmomonyoko. Anapanda kwenda kwenye mambo ya jumla kila mnapomtaka ashuke kwenye tukio.

Swali la pili ninalolipenda ni hili: "Katika rasimu za mwanzo ulikuwa na jambo gani ambalo uliliondoa?" Aliyeshauriwa vizuri ana jibu tayari, kwa sababu kushauriwa ni kukata, na wengi huikumbuka aya waliyoikata kwa uchungu. Hapo mchango wa mshauri unageuka kuwa ushahidi unaomsaidia mwombaji.

Mambo matatu msiyapuuze. Usaili uwe kwa lugha anayoichagua mwombaji, hata kama aliandika kwa Kiingereza; mnachunguza kama tukio ni lake, na mbuzi waliokula miche wanasimulika kwa Kiswahili. Waombaji wote waulizwe idadi sawa ya maswali juu ya maelezo yao, kwa kuwa mkiwahoji mnaowashuku peke yao mmeshawahukumu. Na kila msaili aandike alama zake kabla ya mwenyekiti kufungua mdomo. Binti wa miaka 18 anayeketi mbele ya wazee watano anaweza kunyamaza kwa adabu na haya. Mwanzieni na jambo jepesi, na ukimya wa dakika mbili za kwanza msiuhesabu.

Na tukiridhika kabisa kwamba maelezo yote yaliandikwa na mtu mwingine? (Katibu, Zanzibar)

Kuridhika kwenu hakutoshi. Mwiteni, mwonyesheni mahali panapowatia shaka, mpeni karatasi na nusu saa katika chumba tulivu aeleze tukio lile lile kwa lugha anayoitaka, kisha wasomaji wawili ambao hawakuwamo kwenye usaili walinganishe mambo yaliyomo, wakiacha lugha kando. Watu, mahali, mpangilio wa matukio na sababu vikiwiana, maelezo ni yake hata kama sentensi zilipambwa na mwingine, na alama zake zibaki. Tukio likiwa halimo, toeni sifuri kwenye sehemu ya maelezo, mwandikieni sababu, na mpeni siku 14 za kukata rufaa. Nyaraka zake nyingine ziendelee kuhesabiwa, na jina lake lisipelekwe kwa mifuko mingine.