Stika 65 kwa karatasi moja: msimbopau usiokataliwa na skana

Soda au sabuni iliyotoka kiwandani imeshakuja na msimbopau wake. Hiyo isajili kwenye kompyuta kwa kuiskani tu, usiibandikie namba nyingine. Stika zinahitajika kwa bidhaa unazopima na kufunga mwenyewe: sukari, maharage, karanga, unga wa mihogo. Wenye maduka madogo hapa Kampala hununua Nasser Road karatasi ya A4 yenye stika 65, tano kwenda upande na 13 kwenda chini, kila moja milimita 38.1 kwa 21.2. Ukubwa huo unatosha kwa mfuko wa kilo moja, lakini hauna nafasi ya kuchezea.

Anza na upana, maana wengi wanaoanza hukwama hapo. Msimbo wa EAN-13, yaani ule wa tarakimu 13 unaouona kwenye bidhaa za madukani, kwa ukubwa wake kamili unachukua milimita 37.29, ukihesabu na nafasi nyeupe inayotakiwa kulia na kushoto. Kwenye stika ya 38.1 inabaki chini ya nusu milimita kila upande. Printa ikivuta karatasi kombo kidogo tu, ile nafasi nyeupe inaliwa, na bila hiyo skana haijui msimbo unaanzia wapi. Punguza hadi asilimia 80, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachokubalika: upana unakuwa milimita 29.83, na unabaki na milimita nne hivi kila upande. Usishuke zaidi ya hapo ili tu jina la bidhaa lienee. Fupisha jina.

Namba za ndani ya duka zianze na 20, kwa kuwa kundi hilo limetengwa kwa matumizi ya aina hii na halitagongana na bidhaa ya kiwanda. Tuseme sukari kilo moja umeipa 200000000125. Tarakimu ya 13 ni ya ukaguzi, haichaguliwi. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5 na kuendelea: 2 + 2 = 4. Za nafasi ya 2, 4, 6 na kuendelea zijumlishe, kisha zidisha kwa tatu: (1 + 5) × 3 = 18. Jumla ni 22, na ili kufika 30 inapungua 8. Namba kamili ni 2000000001258.

Kwenye Excel, fanya safu ya namba kuwa Text kabla ya kuandika chochote. Usipofanya hivyo, namba ndefu hugeuka kuwa kitu kama 2E+12, na namba zinazoanza na sifuri huipoteza sifuri yake. Ukitaka stika 20 za sukari, rudia mstari wake mara 20. Kisha kwenye Word, ndani ya Mail Merge ya Labels inayovuta data kutoka faili hilo la Excel, weka sehemu hii (mabano yake yanatokana na Ctrl+F9, hayaandikwi kwa kibodi):

```
{ MERGEBARCODE Msimbo EAN13 \s 80 \h 567 \t }
```

Hapo `Msimbo` ni jina la safu yako, na 567 ni kimo cha sentimita moja. Kimo hicho ni kifupi kuliko kawaida, kwa hiyo mhudumu wa kaunta atahitaji kulenga vizuri zaidi. Bonyeza Update Labels. Ukisahau, stika ya kwanza tu ndiyo itakayokuwa na kitu.

Karatasi ya kwanza ichapwe kwenye karatasi ya kawaida. Iweke juu ya ile ya stika, zinyanyue zote mbili dirishani, utazame mstari wa juu na wa chini. Zikikosana kwa kiasi kilekile kila mahali, rekebisha pambizo. Kosa likiwa linakua kadiri unavyoshuka, printa imepunguza ukurasa: kwenye dirisha la kuchapa kuna Fit, nawe unataka Actual size au 100%. Upungufu wa asilimia tatu tu, ukiusambaza kwenye mistari 13, unafikia milimita nane. Pia pima kwa rula toka pau ya kwanza hadi ya mwisho: iwe kama milimita 25.

Halafu fungua Notepad na uskani stika tatu, moja ya kona ya juu, moja ya katikati, moja ya kona ya chini. Tarakimu zote 13 zitokee. Kwenye printa ya leza, usirudishe karatasi iliyobanduliwa stika kadhaa. Gundi iliyo wazi huyeyuka na kunata kwenye kipasha joto, na fundi akishaifungua gharama yake ni kubwa kuliko karatasi nyingi mpya.

Bei ya sukari inabadilika mara kwa mara, kwa hiyo usiichape kwenye stika ya mfuko. Ikae kwenye lebo ya rafu, kubwa na nyeusi, pamoja na tarehe ndogo pembeni. Ukibadilisha bei kwenye kompyuta, chapa lebo mpya na uibadilishe rafuni kabla mteja wa kwanza hajafika kaunta.