Kutoka pampu ya mfano hadi pampu kubwa

“Pampu ya mfano tuliyoijaribu hapa Kisumu ina impela ya milimita 150. Kwa mizunguko 2900 kwa dakika ilitoa lita 10 kwa sekunde, ikapandisha maji mita 24. Ile kubwa ya milimita 450, mizunguko 1450, itatoa ngapi?”

Lita 135 kwa sekunde, mita 54.

Q ikiwa mtiririko, n mizunguko na D kipenyo cha impela, Q/(nD³) lazima ibaki ileile kwa zote mbili. Kipenyo ni mara 3, kwa hiyo D³ ni 27. Mwendo ni nusu. 27 × 0.5 = 13.5. Kwa kimo cha maji H, gH/(n²D²) ndiyo haibadiliki: 3 × 0.5 = 1.5, na 1.5² = 2.25.

Ndugu aliyesema hapo juu uzidishe kwa 3 tu anakumbuka hesabu ya kuchonga impela ndani ya ganda lilelile. Hapa pampu nzima imekua, hata upana wa njia za maji.

Nguvu usiikuze kibubusa. Kama mfano ulikuwa na ufanisi wa 70%, kubwa itahitaji takriban kW 102, lakini msuguano haukui kwa kiwango hicho, na kwa makadirio ya Moody ufanisi unafika kama 76%, yaani kW 94 hivi. Mimi ningenunua mota kwa ile 102.

Dada wa Nakuru, pampu yako inayopiga kelele kama kokoto ni suala la upande wa kufyonza, na hesabu hizi hazilijibu. Bomba lako la kufyonza lina urefu gani, na maji yako chini kiasi gani?