Mistari ya mkono na alama za vidole ni kitu kimoja?

*Mwalimu shikamoo. Mtaani kwetu kuna mama anasoma viganja, anaita "mistari ya mkono". Kwenye kusajili laini wanasema "alama za vidole". Sasa mwanangu kaja na karatasi ya kupima kipaji kwa "dermatoglifia". Hivi hivyo vyote ni kitu kimoja? Na hiyo dermatoglifia tuiiteje kwa Kiswahili?*

Marahaba. Hapana, ni vitu viwili, ila neno "mistari" tumelibebesha vyote ndo maana tunachanganyikiwa. Fungua kiganja. Ile mitatu mikubwa inayoonekana hata kwa mbali mi naiita mikunjo, na ndo anayosoma huyo mama. Sasa sogeza ncha ya kidole karibu na jicho, mwanga uje kwa ubavuni, utaona vimistari vyembamba vimelala sambamba kama matuta ya viazi yanayozunguka kilima. Hivyo ni vituta, na ndo mashine ya laini inachosoma.

Mfano wa kilima sijautoa hewani. Mimba ikiwa na wiki kama 7 au 8, ncha za vidole vya mtoto zinaota vivimbe vidogo, halafu baada ya wiki chache vivimbe vinaanza kunywea huku kidole kinaendelea kukua. Wakati huohuo, kuanzia kama wiki ya 10 hivi, tabaka la chini la ngozi ya juu linaanza kujipanga kuwa vituta. Kwa hiyo vituta vinafuata umbo la kilima vilichokikuta: kivimbe kikiwa bado kimeinuka na ni cha mviringo vinazunguka kama ganda la konokono, kikiwa kimeinama upande vinapinda na kurudi kama kitanzi (hii ndo ya kawaida zaidi), kikiwa kimeshanywea vinapita juu kama tao tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha mwaka 2023 kwamba vituta vinaanzia sehemu tatu, katikati ya kivimbe, karibu na kucha na kwenye mkunjo wa kiungo, vinasambaa kama mawimbi mpaka vinakutana, na hapo vinapokutana ndo ramani inapatikana. Tofauti ndogo tu ya muda au ya umbo inabadilisha mahali vituta vinapokatika au kugawanyika, ndo maana hata mapacha wa kufanana, jeni zilezile, alama zao hazilingani kabisa.

Mpaka kama wiki ya 24 kazi imeisha na ramani haibadiliki tena. Fundi uashi anayeshika saruji kila siku mashine inaweza kumkataa, lakini hapo vituta vimesagika juu tu, akipumzika kazi vinarudi vilevile kwa sababu mchoro uko chini.

Mikunjo nayo inatokea mapema tumboni, ila kazi yake nyingine kabisa, ni bawaba. Ngozi inashikwa chini pale mkono unapokunjia ili isijirundike ukifumba ngumi. Jaribu: peleka dole gumba taratibu kwenye shina la kidole kidogo uangalie "mstari wa maisha" unavyojifunga, ni mkunjo wa dole gumba huo, wala haujui utakufa lini. Na mtoto akizaliwa na kiungo cha kidole kisichokunjika, mara nyingi ngozi ya juu yake haina mkunjo.

Kuna sehemu moja mganga wa viganja na daktari wanaangalia kitu kilekile. Wapo watu ambao mikunjo miwili ya juu imeungana ikawa mmoja unaokata kiganja chote. Msoma viganja atakwambia mstari wa moyo na mstari wa kichwa imekuwa kitu kimoja, sijui mtu mkali, sijui mwenye bahati. Daktari anaukumbuka kwa sababu karibu nusu ya watoto wenye hali ya Dauni wanao, lakini wanao pia watu kibao wasio na shida yoyote, kwa hiyo haumpi jibu, unamfanya aangalie dalili nyingine, na uhakika unatoka kwenye kipimo cha kromosomu. (Kama wa kwako uko hivyo usihangaike.)

Neno lenyewe dermatoglifia lilitungwa na Harold Cummins na Charles Midlo mwaka 1926 kutoka Kigiriki, ngozi na kuchonga. Mi ningesema "elimu ya vituta vya ngozi", na "alama za vidole" tuiachie ile chapa inayobaki kwenye wino au kioo, maana alama ni kinachobaki, kituta ni kinachoiacha.

Hiyo karatasi ya mwanao basi imekopa jina la sayansi ikafanya kazi ya yule mama. Vituta vinaweza kukwambia kidogo ngozi ilikuaje kwenye zile wiki, hesabu na muziki havimo. Kama wanataka hela usilipe.