Walioulizia korosho Nane Nane nikawaacha mwaka mzima: nilivyowaandikia tena

Agosti ya mwaka ule tulikuwa na banda Nane Nane, uwanja wa Ngongo, Lindi. Siku nane nzima watu walionja korosho zetu, wakauliza bei, wakaandika majina na imeili zao kwenye daftari. Tukarudi Mtwara na majina karibu mia nne, mdogo wangu akayaingiza yote kwenye faili la Excel. Msimu ulipofika, korosho ghafi mnadani zikapanda bei kuliko mfuko wangu. Nikabangua kidogo, nikawauzia wateja wale wale wa zamani, na lile faili sikuligusa tena. Hakuna hata mmoja niliyemjibu.

Agosti iliyofuata nilikuwa na mzigo stoo, nikalifungua. Naandika haya kwa ajili ya wabanguaji wenzangu, na yeyote mwenye daftari la namna hiyo lililolala, kwa sababu kabla ya hapo nilishawahi kuharibu orodha nyingine kabisa, na najua ilivyoharibika.

Ile ya kwanza ilikuwa ya Sabasaba. Niliwatumia wote siku moja kupitia Gmail yangu ya kawaida, anwani zote nimezipanga kwenye Bcc, na kipeperushi cha PDF nimekibandika humo. Ndani ya saa moja barua zaidi ya sitini zilinirudia. Jioni Gmail ikanizuia kutuma kwa siku nzima. Hilo la kuzuiwa lingepita, ila kwa wiki kadhaa baadaye wateja wangu wa kila mwezi walikuwa wananipigia simu kuuliza ankara iko wapi, na ankara tunaikuta kwenye folda ya Spam. Watoa huduma wa barua pepe humpima mtumaji. Anayeandikia anwani nyingi zisizokuwepo kwa mpigo anafanana na mtu aliyenunua orodha mtaani, na wanaoumia ni wateja wake wa kweli.

Orodha iliyolala mwaka mmoja lazima iwe na anwani zilizokufa. Watu wameacha kazi, ofisi zimefungwa, na Google wenyewe tangu Desemba 2023 walianza kufuta akaunti ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Anwani nyingine zilizotelekezwa hugeuzwa mitego: hazina mwenyewe tena, ila zipo kwa ajili ya kumtambua anayetuma ovyo.

Kwa hiyo safari hii nilianza kwa kusafisha. Mistari ilikuwa 386. Waliojirudia 31 nikawatoa. Wengine 18 walishanunua kwa njia nyingine au walishasema hawahitaji, nao nikawatoa. Zikabaki 355 kasoro hao 18, yaani 337. Kisha nikakaa na daftari lenyewe la karatasi pembeni, nikasoma anwani moja moja. Hapo ndipo unapoona `gmail.con`, `yaho.com`, herufi l iliyosomwa kama tarakimu 1. Zile ambazo kosa lake liko wazi nilizirekebisha. Zile ambazo ingebidi nikisie, 12, nilizifuta. Kukisia anwani ya mtu ni kumwandikia mgeni. Nikabaki na watu 325.

Halafu nikaongeza safu mbili kwenye faili. Ya kwanza ni kitu alichoulizia: daraja gani, kilo ngapi, kwa matumizi gani. Wengi walikuwa wameandika, na kwa wengine mdogo wangu alikumbuka. Ya pili ni namna ya kumwita: Mzee, Mama, Dada, Kaka, Ndugu. Usiidharau safu hii. Mtu mzima uliyempa shikamoo pale bandani ukija kumwandikia "Mpendwa Mteja" anajua papo hapo kwamba humkumbuki.

Jambo la kukagua kabla ya kutuma ni anwani yako mwenyewe. Safari hii nilikuwa na anwani ya biashara, yenye jina letu la tovuti. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, ambao humwambia mpokeaji kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina. Huhitaji kuwa fundi kujua kama umewekwa. Jitumie barua kwenye Gmail, ifungue, bonyeza vidoti vitatu, chagua `Show original`. Ukiona hivi uko salama:

```
SPF: PASS
DKIM: PASS
```

Ukiona `FAIL`, mpigie aliyekuuzia jina la tovuti akusaidie, na usitume kitu mpaka akamilishe.

Sasa barua yenyewe, ambayo ndiyo iliyonichukua muda kuliko vyote. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa tangazo: bei mpya, picha, vifungashio, namba tatu za simu. Niliifuta. Mtu uliyemtelekeza mwaka mzima hana hamu ya tangazo lako. Ana swali moja tu: huyu ni nani, na ananitakia nini? Nikaandika hivi, na huyu ni mzee mmoja mwenye hoteli:

"Shikamoo Mzee. Tulionana kwenye banda letu Ngongo, Nane Nane ya mwaka jana. Uliulizia korosho nzima nyeupe, W320, kilo ishirini kwa mwezi kwa ajili ya hoteli. Sikukurudia, naomba radhi sana. Je, bado unatafuta korosho za hoteli? Kama huhitaji tena, nijibu 'hapana' tu, nami nitaliondoa jina lako kwenye orodha."

Kichwa cha barua kilikuwa "Korosho za W320 ulizoulizia Ngongo". Hakuna bei, picha, kiunganishi wala kiambatisho. Swali ni moja na linajibika kwa neno moja, hata na mtu aliyesimama kituo cha daladala. Jibu lolote lina faida mara mbili: unajua mtu yupo, na mtoa huduma wake anaona kuwa barua yako ni mazungumzo, si matangazo. Bei ukiiweka mapema unampa sababu ya kunyamaza. Ataiona kubwa, atafunga, na hutajua kamwe kama tatizo lilikuwa bei, kiasi au daraja.

Na lile neno la kujiondoa si mapambo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kwa matangazo ya biashara. Akisema hapana, mfute siku hiyo hiyo.

Nilituma barua 25 kwa siku, moja moja, siku za kazi tu, asubuhi. Ni kazi ya kama saa moja. Nilianza na waliotaja kilo, kwa kuwa hao ndio walikuwa na shida ya kweli, na waliosaini daftari baada ya kuonja tu nikawaacha mwisho. Sababu ya pili ya kwenda polepole ni stoo. Ungepata majibu mia kwa siku moja, ungewajibu lini, na kwa korosho zipi? Anayeachwa mara ya pili harudi.

Kila jioni nilisoma zilizorudi. Nilichokuwa nakitafuta ni ujumbe wa namna hii:

```
550 5.1.1 The email account that you tried to reach does not exist.
```

Tarakimu ya kwanza ndiyo ya kuangalia. Ikiwa 5, imekataliwa moja kwa moja, na kama maneno yanasema akaunti haipo, ifute anwani. Ikiwa 4, ni tatizo la muda, isubiri siku chache. Siku tatu za kwanza ilirudi moja au hakuna. Siku ya nne zikarudi sita kati ya 25, nikasimamisha kila kitu. Nilipozitazama, zote sita zilikuwa na mwisho mmoja baada ya alama ya `@`: ofisi ya mradi mmoja uliokwisha, wafanyakazi wake wameshahama Mtwara. Kwenye faili walibaki wengine 14 wa ofisi hiyo. Nikawatoa, nikapumzika siku mbili, nikaendelea. Ningetuma zote siku moja, hao 20 wangerudi kwa pamoja na nisingekuwa na nafasi ya kuzuia.

Mwisho nilikuwa nimetuma 311, zikarudi 22. Waliojibu ni 47. Kati yao 19 walitaka bei, 16 walisema "siyo sasa", 12 wakasema hapana. Sikuhesabu waliofungua barua, kwa sababu tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuzipakua picha yenyewe hata kama mtu hajasoma, hivyo idadi ya waliofungua inadanganya. Jibu na oda ndivyo vya kuhesabu.

Nataka nieleze "hapana" moja. Mama mmoja wa Dar alikuwa ameulizia W320, yaani zile ambazo ratili moja ina punje mia tatu hadi mia tatu na ishirini. Alinijibu alfajiri: "Hapana mwanangu, hizo nilishapata mtu wa Masasi. Ila huyo hana kubwa. Wewe W240 unazo?" Ninazo. Zilikuwa zimekaa stoo kwa kuwa hapa Mtwara hazina mnunuzi. Akaanza na kilo tano kwa basi, mfuko umeondolewa hewa, wiki iliyofuata akaagiza kumi na tano. Ningemtumia orodha ya bei ya W320, angeifuta.

Walionyamaza niliwaandikia mara moja tu zaidi, baada ya siku kumi, kwa kujibu juu ya ile ile barua ya kwanza: "Mzee, nilitaka tu kujua kama hili la korosho bado lipo." Wachache walijibu hapo. Waliobaki kimya baada ya barua mbili nimewahamishia ukurasa mwingine wa faili na siwaandikii tena. Najua inauma kuacha majina zaidi ya mia mbili uliyoyakusanya juani siku nane, lakini kuendelea kuwagongea ndiko kunakorudisha ankara za wengine kwenye Spam.

Kati ya wale 19, wanane walinunua ndani ya miezi miwili. Wale 16 wa "siyo sasa" kila mmoja nilimuuliza, "Nikukumbushe mwezi gani?" na mwezi huo nikauandika kwenye safu ya tatu. Saba walisema Novemba, kwa ajili ya zawadi za ofisi za mwisho wa mwaka. Kwa hiyo W240 kilo sitini nimezitenga, na kwenye kalenda ya ukutani hapa karakana nimezungushia tarehe 3 Novemba kwa kalamu nyekundu.