Laptopu ya "grafiksi 4GB": ninunue?

"Muuzaji hapa Kampala ana laptopu ya mtumba, RAM 8GB, anasema ina grafiksi 4GB. Nataka kuhariri video za sherehe za kwanjula na kucheza gemu ndogondogo. Inafaa?"

Ndugu, usitoe pesa kabla ya kuiwasha. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha GPU. Ukikuta GPU 0 peke yake, labda Intel UHD, na chini yake Shared GPU memory karibu 3.9 GB, hiyo ndiyo "4GB" anayoinadi. Si kumbukumbu ya ziada: Windows huruhusu chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa ikope hadi nusu ya RAM yako. Ni chakula cha sahani moja. Video ikila, programu zinabaki na njaa. Kadi halisi huonekana yenyewe, kwa kawaida GPU 1, jina NVIDIA au AMD, na Dedicated GPU memory 4.0 GB.

Hata hivyo, si lazima uiache. Kwa kukata na kuunganisha video za 1080p za simu, chipu za Intel za miaka ya karibuni zinatosha, ila ongeza RAM ifike 16GB. Palepale kwenye Performance, fungua Memory usome Slots used. Ikiwa 1 of 2, chomeka kipande cha pili cha 8GB: chipu ya picha hutegemea kasi ya RAM, na vipande viwili huipa njia mbili. Gemu nazo hupata nafuu.

Ukitaka video za 4K au programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, hapo tafuta yenye kadi. Na bei ya "grafiksi 4GB" isiyokuwepo, mkatalie.