Deni la dola na malipo ya awali

"Mteja wangu hapa Mbeya anaingiza vipuri vya trekta. Salio la wauzaji wa nje nalipima kwa kiwango gani 31 Desemba?"

Dada, kaka wa hapo juu aliyesema salio lote lipimwe kwa kiwango cha siku ya kufunga yuko sahihi nusu. Deni hupimwa kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu, ila si kila dola kwenye leja ya wauzaji ni deni.

Niliwahi kukagua kampuni Mafinga iliyokuwa na ankara ya dola 40,000, na malipo ya awali ya dola 10,000 kwa mzigo ambao haujafika, vyote vimeingizwa kwa shilingi 2,500. Mhasibu alivikata pamoja, akapima 30,000 kwa 2,600, hasara milioni 3. Kumbe hasara ni milioni 4, kwa sababu malipo ya awali hubaki na kiwango cha siku yalipolipwa: kampuni inamdai muuzaji mzigo, si pesa. Oda ikighairiwa na pesa ikawa ya kurudishwa, hapo unaipima upya.

Basi omba taarifa ya muuzaji, linganisha dola kwa dola kabla hujagusa shilingi. Salio la upande wa debiti kwa muuzaji ndilo la kuulizia kwanza, huenda ni malipo ya awali.